Kiraka cha Bega la Kulia

Katika mkoa mzima wa Songwe, ni mashabiki wa Chapwa Umoja peke yao watakaokukaripia kwa kuvaa nguo isiyo na kiraka. Kwingine kiraka ni aibu, na mwenye nacho hukificha chini ya koti akienda kanisani. Kwa Chapwa ni heshima. Kinakaa bega la kulia, cha gunia la kahawa, kikubwa kama kiganja cha mwanamume, nacho hushonwa kwa mkono kwa uzi mweusi ambao haujisumbui kujificha.

Asili yake haina siri. Timu ilianzishwa na wabeba mizigo wa mpakani Tunduma, wale wa kushusha magunia kutoka lori hili na kupandisha lile. Mmoja wao aliitwa Lusubilo, na Lusubilo alikuwa na shati moja tu la maana, ambalo bega la kulia lilikuwa limeliwa na magunia. Siku ya mechi ya kwanza mke wake, Loisi, alimfuata hadi pembeni mwa uwanja na sindano mkononi. Hapakuwa na muda wa kuvua. Akamwekea kipande cha gunia, akamshonea hapo hapo mwilini, na kumwonya asithubutu kufungua mdomo, kwa sababu kwenye milima ya Ileje alikozaliwa Loisi husemwa kwamba anayeongea huku akishonwa, akili nazo hushonwa humo. Lusubilo akafyata mdomo, akaingia uwanjani, akafunga mabao mawili. Mechi iliyofuata timu nzima ilijipanga foleni mbele ya Loisi.

Tangu hapo ndiyo desturi. Kila kabla ya msimu, mchezaji na shabiki hukaa kwenye kigoda akiwa amevaa jezi yake, hushonewa kiraka mwilini, na hasemi kitu hadi uzi ukatwe. Goli likiingia, kila mtu hulipiga bega lake la kulia kwa kiganja. Uwanja ukijaa, sauti ile unaisikia hadi barabara kuu.

Lusubilo alishatangulia mbele ya haki. Loisi bado anashona, ingawa siku hizi hutungiwa uzi na mtu mwingine. Na binti yao, Tupokigwe, ndiye katibu wa klabu.

Tupokigwe ni mwanamke wa kazi. Amesomea biashara Mbeya, na duka la klabu lile la chumba kimoja, lenye jezi, skafu na kofia, ni yeye aliyelisimamisha. Ana kasoro moja, nayo ni mdomo. Wazo likimjia halipigi hodi kichwani, linapita moja kwa moja hadi kwenye ulimi, na akishalisema halirudi tena. Watu wa Chapwa wanampenda hivyo hivyo. Redio haichukiwi kwa kuongea.

Basi mwaka huu Chapwa Umoja ilipanda daraja. Furaha ikapikwa, ikaliwa, kisha wakakaa chini kufikiria safari. Ligi ya juu si kwenda Vwawa na kurudi kwa chakula cha jioni. Ni mabasi ya siku nzima, ni hoteli, ni daktari wa timu. Bila mdhamini wangecheza mechi za nyumbani tu, na ligi haina timu ya namna hiyo. Ndipo ikaja kampuni ya unga wa mahindi, Pambazuko, yenye nembo ya jua jekundu linalochomoza. Afisa masoko wao, dada mmoja mpole aitwaye Brenda, alikuja na michoro kwenye kompyuta yake. Katika michoro ile, jua lilikaa kifuani, mahali linapokaa jua la mdhamini yeyote duniani.

Ungedhani mambo yaliishia hapo, watu wakatia saini na kunywa soda. Tupokigwe akaona bora zaidi.

“Kifuani wanaweka wote,” alisema. “Sisi goli likiingia, mkono unakwenda begani. Wachezaji, mashabiki, wote. Picha zote za furaha yetu ni picha za bega. Wekeni jua kwenye kiraka.”

Brenda aliacha kuandika, akacheka kwa kupendezwa. Mwenyekiti, mzee Zebedayo, ambaye wakati ule angekubali hata jua liwekwe usoni kwake ilimradi basi lipatikane, akatikisa kichwa kukubali. Kwa kuwa jua lilihitaji rangi zake halisi, nyekundu na njano, na rangi hizo hazikai vizuri kwenye gunia, kiwanda cha Dar es Salaam kikashauri kiraka kichapwe pamoja na jezi: nyuzi za gunia, mishono myeusi, kila kitu kwa wino, na jua katikati. Sampuli ikatumwa kwa simu. Kwenye kioo cha simu ilipendeza mno. Tupokigwe akaidhinisha palepale, na hakumwonyesha mama yake. Alijiambia kwamba atamfanyia mshangao.

Mshangao aliupata yeye. Marobota ya jezi yalipofunguliwa, Loisi alikuja dukani kwa mguu, akachukua jezi moja, akalipapasa bega kwa kidole gumba. Kisha akakwaruza kwa ukucha, taratibu, kama mtu anayetafuta mlango.

“Kiko wapi?” akauliza.

“Si ndicho hicho, mama.”

“Hii ni picha ya kiraka,” alisema Loisi. “Picha ya chakula haishibishi mtu, mwanangu.” Akaikunja ile jezi vizuri, akairudisha kwenye rafu. Mlangoni akageuka kumwambia kwamba mwaka huu asimpelekee bega lake. Hakupandisha sauti, na ndiyo maana ilimchoma. Tangu akiwa mtoto wa kubebwa, hakuna msimu Tupokigwe alioingia bila kushonwa na mama yake. Alisimama nyuma ya kaunta akiwa amejaa maneno, na hakukuwa na wa kumwambia.

Jezi hazikuuzika. Watu waliingia, wakapapasa bega, wakakohoa kidogo, wakatoka. Mbaya zaidi, wachuuzi wa barabarani walishaanza kuuza za bandia zilizoletwa kwa mabegi, zenye kiraka cha wino na jua la wino, kwa bei ya kutupa. Miaka mingine bandia ilijulikana kwa bega lake tupu, na hakuna aliyejivunia kuivaa. Mwaka huu halisi na bandia zilikuwa mapacha, na Tupokigwe ndiye mkunga.

Kisha maneno yakaanza. Ilisemekana Pambazuko wamelinunua bega la Chapwa. Sokoni akina mama wakaanza kuuliza unga wa kampuni nyingine, na mama ntilie mmoja akajitangaza kwamba ugali wake hauna jua ndani. Alinanuswe, kiongozi wa mashabiki, mpiga ngoma mwenye mikono mikubwa na moyo wa mtoto, alikuja dukani kuuliza ana kwa ana kama ni kweli wadhamini ndio waliolazimisha.

Hapo palikuwa na nafasi ya kusema ukweli kwa sentensi moja. Tupokigwe, ambaye hajawahi kukosa neno, akasema kwamba mambo ya wadhamini ni magumu, kaka, wewe acha tu.

Alinanuswe akaitikia kwa huruma, akaenda zake. Kesho yake asubuhi akarudi na watu wake na wakanunua jezi. Walinunua ndogo, kubwa, za watoto, hadi rafu zikabaki na vumbi. Tupokigwe alijawa na furaha isiyo kifani, akampigia mwenyekiti, akasema mashabiki wameelewa somo. Jioni akapita karibu na nyumba ya mama yake, akakuta foleni hadi nje ya uzio. Loisi yuko kwenye kigoda kidogo, mbele yake kijana ameketi kimya na jezi mwilini, na sindano inapanda na kushuka. Kipande cha gunia la kahawa kilikuwa kinakaa juu ya jua jekundu, na jua lilikuwa linazama upande mmoja baada ya mwingine.

Aliondoka bila kusalimia. Kumzuia nani? Katika foleni ile walikuwemo wachezaji wenyewe, wamekuja na jezi za mechi. Nahodha alikuwa wa tatu.

Siku ya Kiraka ndiyo siku klabu inapotambulisha kikosi na jezi mpya kwa mechi ya kirafiki. Safari hii walialikwa majirani kutoka Nakonde, ng’ambo ya pili ya mpaka, wakaingia uwanjani na salamu zao za “mulishani” na ngoma zao wenyewe. Jua la kweli, lile la Mungu, lilikuwa linawaka. Chini ya hema la Pambazuko palikuwa na vikombe vya uji wa bure na hapakuwa na wa kuunywa, isipokuwa wageni wa Nakonde, ambao hawakujua ugomvi na walisifu uji.

Tupokigwe alikuwa akimngojea Brenda kwenye lango kuu, akipanga maneno. Mkataba ulisema wazi kwamba nembo itaonekana kwenye jezi za wachezaji na kwenye kila bidhaa ya klabu. Kama haionekani, Pambazuko wana haki ya kujitoa. Wakijitoa hakuna basi, na bila basi Chapwa Umoja inarudi ilikotoka kabla haijapiga mpira. Aliwaza kusema kwamba mashabiki ni wakaidi. Aliwaza kusema kwamba kiwanda kilikosea. Kila uongo alioujaribu ulikuwa na mguu mfupi.

Brenda hakupita lango kuu. Alikuwa ameegesha gari upande wa pili, akaingia kwa lango la mashabiki akiwa amevaa jezi yake mpya kama shabiki mwingine. Na penye lango lile Loisi ndipo alipoweka vigoda vyake.

Loisi hakumjua. Aliona tu binti wa watu, bega tupu.

“Wewe mwanangu,” alimwita, “utaingiaje hivyo? Njoo ukae.”

Brenda akakaa. Nani anakataa akiitwa na mama wa umri ule? Alinanuswe, aliyekuwa karibu, akamweleza masharti: hapana kusema hadi uzi ukatwe. Brenda akafungua mdomo kuuliza, Loisi akamwekea kidole midomoni pake, na sindano ikaingia.

Tupokigwe alipopata habari kwamba mgeni ameonekana upande ule, alikimbia. Akafika akasimama kama aliyepigwa na shoti. Afisa masoko wa Pambazuko alikuwa ameketi wima kwenye kigoda, mikono magotini, macho makubwa, huku mjane wa Lusubilo akilifunika jua la kampuni yake mwenyewe kwa gunia. Nusu yake ilikuwa imeshapotea. Macho ya wawili wale yakakutana. Brenda angeweza kusimama. Angeweza kusema neno moja tu na siku nzima ingevunjika. Alitazama foleni, akatazama mabega yanayopita, gunia, gunia, gunia, halafu akatulia hadi mwisho.

Loisi akakata uzi kwa meno, akampiga begani kidogo. “Sasa sema.”

“Ndaga, mama,” alishukuru Brenda kwa lugha ya nyumbani, maana hata yeye ni mtoto wa upande huo. Akainuka, akamshika Tupokigwe mkono, akamvuta nyuma ya hema. Timu zilikuwa zinaingia uwanjani. Wachezaji kumi na mmoja wa Chapwa, na hakuna hata jua moja.

Tupokigwe aliona uongo wake umejipanga tayari. Akauacha.

“Si wao,” alisema. “Ni mimi. Nyinyi mliomba kifua, mimi nikawapa bega, na bega halikuwa langu. Watu wanadhani nyinyi ndio mmelichukua, nami nimewaacha wadhani hivyo.”

Brenda akakipapasa kiraka chake. Alikuwa na haki ya kukasirika, na alikasirika kweli. Alisema kwa sauti ya chini kwamba akina mama wameacha kununua unga na yeye hakujua kwa nini, kwamba bosi wake amemuuliza sijui mara ngapi. Tupokigwe alisikiliza bila kukatiza, jambo ambalo halijaandikwa popote kuwahi kutokea. Kisha akamwonyesha mchuuzi nje ya ua aliyetundika jezi za bandia kwenye fito. Kiraka cha wino kila mtu anaweza kukichapa, alimweleza. Cha kushonwa kinapatikana hapa tu, kwenye vigoda hivi, kwa jezi iliyotoka dukani, na mama yake hawezi kugusa ya bandia hata umbembeleze. Kiraka kikibaki kitupu, jezi itauzika na bandia itakwama. Nembo irudi kifuani ilikotakiwa kuwa. Picha za jezi hazijapelekwa shirikisho kusajiliwa, kwa hiyo nafasi ipo bado, na pale mjini kuna fundi mwenye mashine ya kubandika nembo kwa joto.

“Jekundu kwenye kijani cha jezi hii litakuwa kama doa la nyanya,” alisema Brenda. Alikuwa ameshaanza kufikiri kama mtu wa kazi. “Lingekuwa la rangi moja. Rangi ya gunia.”

“Mtakubali kubadilisha rangi?”

Brenda akatoa simu, akasogea pembeni. Ilikuwa simu ndefu. Chapwa ilifungwa goli, Nakonde wakacheza ngoma zao, na simu bado. Hata kule Pambazuko kuna wazee wanaolinda rangi zao kama Chapwa inavyolinda gunia, na Tupokigwe, akimtazama Brenda akieleza kwa mkono mmoja huku mwingine ukiwa begani, alilielewa hilo na hakulicheka.

Aliporudi alikuwa na jibu lenye masharti. Kifuani, sawa, rangi moja. Lakini pale langoni pa kushonea patawekwa hema, na mengine kwenye matawi ya mashabiki, yote ya Pambazuko kwa rangi zake kamili, jua jekundu juu ya vigoda. Kila jezi itauzwa na kipande chake cha gunia ndani ya mfuko wenye nembo. Bosi aliuliza pia kama viraka haviwezi kukatwa kwenye mifuko yao ya unga. Hilo Brenda alilipeleka mwenyewe kwa Loisi, ambaye alijibu kwa upole kwamba kiroba cha plastiki hakishiki uzi, na likaishia hapo.

“Sharti la mwisho ni langu,” Brenda alisema. “Waambie watu.”

Kwa hiyo wakati wa mapumziko, mzee Zebedayo alipomkabidhi kipaza sauti ili amkaribishe mdhamini, Tupokigwe hakuanza na itifaki. Alisema kwamba Pambazuko hawakuomba bega. Walioomba kifua ni wao, aliyewapa bega ni yeye, katibu wa klabu, kwa kujiona ana akili. Alisema jua linahamia kifuani na kiraka kinabaki cha gunia, kitupu, cha mkono, na kwamba wenye jezi waje wabandikiwe nembo bila malipo. Alisema anaomba radhi. Kwa mara ya kwanza hotuba yake ilikuwa fupi kuliko ya mwenyekiti.

Mtu mmoja huko nyuma akacheka, akasema ndiyo maana redio huwa inazimwa mara moja moja. Kicheko kikaenea, na Alinanuswe akapiga ngoma, pigo moja zito. Baadaye kidogo Tupokigwe aliona mama ntilie yule asiyetaka jua kwenye ugali wake akipeleka kikombe hema la uji, akiwa ameangalia pembeni kana kwamba amepotea njia.

Alitamani kufurahi, na nusu yake ilifurahi. Akateremka, akapita karibu na lango. Foleni ilikuwa imekwisha. Loisi alikuwa anakunja vipande vilivyobaki. Hakuinua uso.

“Nimekusikia,” alisema Loisi. “Kile chombo kina kelele.”

“Ndiyo, mama.”

“Lete bega.”

Tupokigwe alikuwa na jezi mwilini tangu asubuhi, yenye jua lake jekundu peke yake uwanja mzima. Akakaa kwenye kigoda. Alikuwa na mengi: kuhusu baba, kuhusu zile siku alizopita nje ya uzio bila kusalimia. Akafumbua mdomo, akaona sindano, akafumba. Mama yake akampa sindano na uzi, yeye akautunga, na Loisi akaanza. Mikono ile ilikuwa ya polepole sasa, ikipapasa kabla ya kila mshono na kutulia ikishaingia kwenye nguo. Uzito mdogo wa gunia ulikaa mahali pake. Tupokigwe alijisikia mtoto, na alijisikia vizuri.

Katikati ya kushona Chapwa wakasawazisha. Uwanja mzima uliinuka na mabega yakalia, viganja juu ya gunia. Alinanuswe akaipiga ngoma hadi vijiti vikamtoka. Hata Brenda, kule jukwaani, alionekana akijipiga bega kwa nguvu zote kama aliyezaliwa Chapwa. Tupokigwe peke yake hakuweza kupiga, sindano ilikuwa humo, wala hakuweza kushangilia. Alikaa kimya, machozi yakimteremka, akicheka bila sauti.

Loisi akamaliza, akainama, akakata uzi kwa meno. Kisha akainua kiganja chake cha mifupa, akampigia binti yake goli lile begani.

“Haya, sasa sema.”

Tupokigwe akatafuta neno. Hakulipata, na mama yake hakulisubiri. Alishasogeza kigoda kando ili wautazame mpira pamoja.